Kivuli cha katuni usoni: lainisha kwanza, kisha kata

Ukigeuza picha ya uso kuwa katuni ndani ya GIMP, usikimbilie `Posterize`. Hiyo hukata nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, ndiyo maana ngozi hutoka na mabaka ya kijani. Paka ngozi rangi moja bapa kwa mkono kwenye leya mpya, kisha toa kivuli kwenye picha yenyewe.

Nakili leya ya picha, iweke juu ya hiyo rangi bapa, iondolee rangi, kisha ipitishe `Median Blur`. Kwa picha ya upana wa pikseli 1500, mimi huanza na `Radius` ya 8. Ukiruka hatua hii, mashavu yatajaa vidoa kama sisimizi. Sasa fungua `Threshold`. Kwa ngozi nyeusi, 127 hufunika uso mzima kwa weusi. Shusha taratibu mpaka kibaki kivuli cha pua na cha chini ya kidevu.

Weusi mtupu unaua uso. Kwenye `Levels`, pandisha `Output Levels` ya kushoto hadi 150, kisha weka leya kwenye `Multiply`: kivuli kitakuwa ngozi ileile, iliyokolea. Mistari ya nje chora mwisho, brashi ya pikseli 3.