Kichwa cha slaidi kimepotea baada ya kubandika?

Ukibandika slaidi za mwenzako kwenye PowerPoint kwa Ctrl+V, kwa kawaida zinavaa mandhari ya faili lako, yaani Use Destination Theme. Kwa ripoti ya watu wengi mimi huacha hivyo, maana Keep Source Formatting huja na Slide Master yake, na faili linabeba mandhari mbili tatu.

Shida ni maandishi ambayo mwenzako aliyachagulia rangi mwenyewe, nje ya rangi za mandhari. Hayo hayabadiliki. Nyeupe yake ikiangukia usuli wako mweupe, kichwa kipo lakini hukioni. Bofya ukingo wa kichwa kilicho sawa, bofya Format Painter mara mbili, kisha bofya kila kichwa kilichofichika. Ukimaliza, bonyeza Esc.