Jinsi ya kukokotoa faida ya kweli ya dhamana ya serikali ya muda mfupi

Dhamana ya serikali ya muda mfupi haikulipi riba njiani. Unainunua kwa bei ya chini, na siku ikiiva unalipwa thamani kamili iliyoandikwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo faida yako. Tuchukue dhamana ya siku 91 yenye thamani ya 100,000, iliyonunuliwa kwa 97,600.

Hatua ya 1. Toa bei kwenye thamani kamili: 100,000 − 97,600 = 2,400.

Hatua ya 2. Gawanya kwa pesa uliyotoa mfukoni. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa huigawa 2,400 kwa 100,000 na kupata asilimia 2.4. Hicho ni kiwango cha punguzo. Wewe hukuwekeza 100,000, uliwekeza 97,600, kwa hiyo faida ya kipindi ni 2,400 ÷ 97,600, yaani asilimia 2.459.

Hatua ya 3. Ipeleke kwenye mwaka kwa kuzidisha na 365 ÷ 91. Unapata asilimia 9.86. Kiwango cha punguzo kikifanyiwa hivyo hivyo kinatoa 9.63, na katika masoko yanayohesabu punguzo kwa mwaka wa siku 360 kinashuka hadi 9.49. Dhamana ni ileile, bei ni ileile. Basi ukioneshwa asilimia yoyote, uliza kwanza imegawanywa kwa nini na kwa siku ngapi.

```
faida = (F - P) / P * 365 / siku
P = F / (1 + faida * siku / 365)
```

F ni thamani kamili, P ni bei.

Hatua ya 4. Hakiki kwa kurudi nyuma. Weka 0.0986 kwenye mstari wa pili, nawe utaangukia karibu kabisa na 97,600. Ukiweka 0.0963 utapata kama 97,655. Pengo hilo la 55 linakuonesha kwamba umeshika punguzo ukidhani ni faida.

Hatua ya 5. Unapolinganisha vipindi tofauti, usiishie hapo. Tuseme ipo pia dhamana ya siku 364 inayouzwa kwa 91,000. Faida yake kwa mwaka ni asilimia 9.92, na kwa macho inaishinda ile ya siku 91. Lakini ile fupi inakurudishia pesa mapema, na ukiinunua tena na tena pamoja na faida yake, mwaka mzima unakupa asilimia 10.23:

```
(100000 / 97600) ^ (365 / 91) - 1
```

Mimi huichukulia 10.23 kama dau, kwa sababu inadai kila mnada ujao utoe bei ileile. Viwango vikishuka baada ya siku 91, aliyechukua ya siku 364 anabaki na 9.92 yake, nawe unanunua upya kwa bei ya juu zaidi. Kama kodi ya zuio inakatwa kwenye faida, itoe kwenye ile 2,400 kabla ya Hatua ya 2.