Mwaka wa mwisho kazini: anza na majina yako kabla ya karatasi nyingine

Shikamooni wakubwa zangu, ndugu watumishi mnaotarajia kustaafu ndani ya miezi kumi na miwili ijayo. Nikiwa afisa utumishi hapa Mwanza, nitawaeleza nyaraka za kuandaa kwa mpangilio ninaoutumia mezani kwangu, nami nitakaa zaidi kwenye hatua ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayochelewesha mafao kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: fika masijala uombe kuangalia jalada lako binafsi. Hakikisha zimo barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya mwisho ya kupandishwa cheo. Isiyokuwepo jaladani lakini ipo nyumbani, ilete leo hii.

Hatua ya pili ni majina. Chukua karatasi moja, uandike jina lako kama linavyosomeka, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha shule au chuo, barua ya ajira, kumbukumbu za mfuko, hati ya mshahara, kitambulisho cha Taifa na kadi ya benki. Usiandike kwa kukumbuka, iangalie kila nyaraka kwa macho yako.

Mwaka juzi nilimhudumia muuguzi mmoja wa Ukerewe. Cheti na barua ya ajira vilimwita Maria, na jina la mwisho lilikuwa la baba yake. Kitambulisho cha Taifa kilimwita Mariamu, kikiwa na jina la mume mahali pa jina la ukoo. Nilimwelekeza ale kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, naye akaja na meli kutoka Nansio, akaapa mbele ya wakili, akarudi kisiwani. Baadaye tukagundua kwamba akaunti yake, aliyoifungua baada ya ndoa, ilisomeka Maria pamoja na jina la mume, yaani jina la tatu ambalo kiapo hakikulitaja. Ilibidi asafiri tena na kuapa upya. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumwomba kadi ya benki siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo hati ya kiapo itaje kila namna ambayo jina lako limewahi kuandikwa, pamoja na tofauti ya herufi moja au kifupisho cha jina la kati. Fahamuni pia kwamba kiapo hueleza tu kuwa majina yote ni yako. Mtu aliyeacha jina moja na kuchukua jingine anahitaji hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nawasihi msikimbilie kurekebisha kitambulisho kabla ya kuona jina lililoko kwenye ajira na kwenye mfuko, maana hilo ndilo la kufuatwa, na akaunti ya benki ndiyo iliyo rahisi zaidi kubadilishwa ili ilingane nalo.

Hatua ya tatu: omba taarifa ya michango kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, uipitie mwezi kwa mwezi. Mapengo hutokea zaidi pale mtumishi alipohama mwajiri, na waliokuwa PSPF, LAPF, GEPF au PPF kabla ya mifuko hiyo kuunganishwa mwaka 2018 waikague miaka hiyo kwa makini zaidi. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya uchangiaji kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha kugawanya kwa 580. Tuseme wastani wako ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi, yaani 13,920,000 kwa mwaka. Kila mwezi unaokosekana unapunguza shilingi 24,000 katika pensheni ya kila mwaka, kabla ya kutengwa sehemu ya mkupuo. Miezi minne iliyopotea ni shilingi 96,000 kila mwaka, kwa maisha yako yote. Ukiona pengo, tafuta hati ya mshahara ya mwezi huo inayoonyesha makato, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Mimi huzitaka zenyewe au nakala safi, kwa kuwa picha ya simu mara nyingi hukata ukingo wenye tarehe.

Hatua ya nne: weka pamoja cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uangalie kama jina lako humo linafanana na lile uliloandika kwenye karatasi ya hatua ya pili.

Hatua ya tano: barua ya taarifa ya kustaafu iwasilishwe kwa mwajiri miezi sita kabla ya tarehe yenyewe. Iandike ukiwa na nakala mbili, moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe uondoke nayo.