SOMO: Swali la saketi lililopigwa picha, kuanzia kusoma karatasi mpaka jibu la mwisho

Juzi saa mbili usiku mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Nne, anakaa Mbagala, alinitumia picha ya swali la fizikia. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na kunjo moja limepita katikati ya mchoro. Chini ya picha aliandika: "Mwalimu, nimepata 0.32 A lakini kipengele (b) kinagoma." Swali hilo nalifanya hapa lote, kwa sababu kosa lake halikuwa la fizikia. Lilikuwa la macho.

Swali lenyewe, kwa Kiswahili: betri ya 12 V yenye ukinzani wa ndani wa 0.5 Ω imeunganishwa kwa mfululizo na rezista moja, kisha na rezista mbili za 6 Ω na 3 Ω zilizo sambamba. (a) Tafuta mkondo unaotoka kwenye betri. (b) Onyesha kwamba volteji kati ya ncha za betri ni 11 V. (c) Tafuta mkondo unaopita kwenye rezista ya 6 Ω.

Hatua ya kwanza: nakili, usikokotoe

Chora saketi upya kwenye daftari lako, kubwa, kwa rula. Ukikokotoa huku unachungulia kioo cha simu, jicho litajaza lisichokiona. Kila namba unayoinakili, iguse kwa kidole kwenye picha na ujiulize kama unaiona kweli au unaikisia. Zile unazokisia zizungushie duara.

Kwenye picha ile, rezista ya mfululizo ilisomeka "35 Ω". Nilipoikuza, kati ya 3 na 5 palikuwa na nafasi pana kidogo, na kunjo lilipita hapohapo. Nukta ikipotea, namba inakua mara kumi. Ndiyo maana naikagua kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya nukta nakagua kipeo, kwa sababu 10⁻³ kwenye picha yenye ukungu huonekana kama 103.

Hatua ya pili: liache swali likuambie namba ipi ni sahihi

Kipengele (b) kimeshatupa jibu: 11 V. Betri ni ya 12 V, kwa hiyo 1 V inapotelea ndani ya betri yenyewe. Ukinzani wa ndani ni 0.5 Ω, basi mkondo lazima uwe 1 ÷ 0.5, yaani 2 A. Mkondo wa 2 A kutoka betri ya 12 V unataka ukinzani wote uwe 6 Ω. Rezista ya 35 Ω haiwezi kukaa ndani ya jumla ya 6 Ω. Namba ni 3.5.

Kazi hii fanya pembeni, kwa penseli. Usiipeleke kwenye jibu la (b), kwa maana ukiambiwa "onyesha kwamba" huruhusiwi kuanza na kile unachotakiwa kukionyesha.

Hatua ya tatu: andika kila mstari

Anza na zile mbili zilizo sambamba:

```
1/Rp = 1/6 + 1/3
1/Rp = 1/6 + 2/6 = 3/6
Rp = 6/3 = 2 Ω
```

Mstari wa mwisho ndio wengi wanaousahau. Wanafika 3/6, wanaandika 0.5 Ω na kuendelea, bila kugeuza. Kipimo chake ni chepesi: ukinzani wa pamoja wa rezista zilizo sambamba lazima uwe mdogo kuliko ile ndogo kabisa. Hapa ndogo ni 3 Ω, na 2 Ω inapita. Angalia lakini kwamba 0.5 nayo inapita kipimo hiki, kwa hiyo kisikutoe kwenye kuandika mstari wa kugeuza.

Sasa (a):

```
R = 3.5 + 2 + 0.5 = 6 Ω
I = E/R = 12/6 = 2 A
```

Kipengele (b):

```
V = E - Ir
V = 12 - (2 × 0.5) = 11 V
```

Kipengele (c) ndicho chenye mtego. Wengi huchukua 12 V wakagawa kwa 6 Ω, wakapata 2 A. Tazama maana yake: mkondo wote wa betri ni 2 A. Kama wote umepita kwenye 6 Ω, basi 3 Ω haikupata kitu, ilhali ndiyo njia rahisi zaidi kwa mkondo kupita. Haiwezekani. Rezista ya 6 Ω haipati 12 V, inapata ile volteji iliyobaki kwenye sehemu ya sambamba tu:

```
Vp = I × Rp = 2 × 2 = 4 V
I6 = 4/6 = 0.67 A
I3 = 4/3 = 1.33 A
```

Ya 3 Ω haikuulizwa. Nimeitafuta ili nijumlishe: 0.67 + 1.33 = 2.00 A, sawasawa na mkondo wa betri.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mzazi, Tabata: Mwalimu, mwanangu anapata majibu sahihi ila anaruka mistari, anasema kichwani anaona. Nimlazimishe?

Ndiyo, mama. Anayesahihisha hakioni kichwa chake. Mstari wa fomula, mstari wa kuweka namba, kisha jibu na kizio chake: akikosea kuzidisha mwishoni, mistari ya juu bado inaonyesha kwamba njia anaijua. Akiandika jibu peke yake na likawa si sahihi, hana cha kumtetea.

Mwanafunzi, Gongo la Mboto: Shikamoo mwalimu. Swali lisipokuwa na kipengele cha "onyesha kwamba", nukta nitaijuaje?

Marahaba. Kwanza omba picha nyingine: karatasi ilazwe mezani, inyooshwe, mwanga utoke pembeni, taa ya simu izimwe kwa sababu inang'arisha katikati na kufuta maandishi. Aitume kama dokumenti, maana picha ya kawaida hupunguzwa ubora njiani. Ikishindikana, andika mstari wa juu kabisa: "Nimesoma 3.5 Ω." Atakayekusaidia atajua umeanzia wapi.

Mwanafunzi, Kigamboni: Kwenye (c) nikiandika 0.7 A ni kosa?

Si kosa kubwa, lakini kadirisha mwishoni tu. Ukibeba 0.7 kwenda kutafuta volteji, unapata 0.7 × 6 = 4.2 V badala ya 4 V. Kwenye hesabu za katikati tumia 2/3, au iache namba kamili kwenye kikokotoo.

Mwalimu mwenzangu, Temeke: Mimi huwapa kipimo cha nguvu pia. Unakionaje?

Nakikubali sana. Betri inatoa 12 × 2 = 24 W. Ndani yake zinapotea 2 W, rezista ya 3.5 Ω inachukua 14 W, na sehemu ya sambamba 4 × 2 = 8 W. Jumla 24 W. Kizuri chake ni kwamba kinamnasa hata yule aliyesahau kugeuza 3/6. Akiweka 0.5 Ω, mkondo wake ni 12 ÷ 4.5, kama 2.67 A, na betri yake inatoa 32 W. Volteji yake ya sambamba ni 1.33 V, kwa hiyo 6 Ω inachukua kama 0.3 W na 3 Ω kama 0.6 W. Lakini 2.67 A kwenye volteji hiyo ni kama 3.6 W. Hapo anaona mwenyewe kwamba wati zaidi ya mbili na nusu hazina zilipokwenda, na anarudi kwenye mstari wa Rp.