SOMO: Wali uliolala nje, kwa nini kuupasha moto asubuhi hakuuponyi

Wapendwa, leo naomba tukae kwenye sufuria moja tu, sufuria ya wali iliyobaki jana usiku. Mimi ni mpishi wa shughuli, Tanga, na kwa miaka mingi nilikuwa nikifanya kama wengi wetu: wali ukibaki, funika, weka pembeni, asubuhi tia mafuta na kitunguu, kaanga, watu wanywe chai. Hadi asubuhi moja baada ya arobaini, watu wanne waliokula kiporo changu walianza kutapika hata saa sita mchana haijafika. Wali ulikuwa umekaangwa mpaka unatoa moshi, haukunuka wala haukuteleza. Ndipo nilipoanza kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza tuelewe kinachotokea

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Makazi yake ni udongoni, kwa hiyo mpunga unatoka naye shambani, unakobolewa naye, unafika jikoni naye. Kuosha mchele kunampunguza, hakumwondoi. Bakteria huyu akibanwa na ukame au joto hujifungia ndani ya gamba gumu, na katika hali hiyo anaitwa spora. Ifikirie kama mbegu kavu. Maji yakichemka, bakteria wengi hufa, lakini spora hizi zinavumilia mchemko wa wali na kubaki hai. Tena joto lile huziamsha, na wali ukishapoa na kuwa vuguvugu, wenye maji na wanga wa kutosha, mbegu inachipua.

Bakteria aliyechipua hukua vizuri kwenye joto la kati ya nyuzi 30 na 37, joto la sufuria iliyofunikwa inayopoa polepole usiku. Akishakuwa mwingi anatengeneza sumu iitwayo sereulidi. Hapa ndipo penye jambo lote la somo hili: sumu hiyo haifi kwa moto. Wataalamu wameipasha hadi nyuzi 121 kwa dakika 90 na ikabaki sumu. Kikaango chako hakiifikishi huko, na hata kingeifikisha isingesaidia. Asidi ya tumboni nayo haiivunji. Kwa hiyo ukikaanga kiporo asubuhi unawaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuiacha unaila yote.

Jambo hili lilijulikana vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Uingereza, kwenye migahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi, wakiuacha nje usiku kucha kwa sababu wali wa friji hugandana na haukaangiki vizuri, kesho yake wanaukaanga haraka na mayai. Wateja wakawa wanatapika. Nilipolisikia hilo nilinyamaza, maana ni kiporo changu kabisa.

Tupige hesabu ya sufuria moja

Tuseme umepika kilo tano za mchele, umeepua saa mbili usiku, umefunika. Sufuria kubwa haipoi upesi. Jaribu siku moja: alfajiri ingiza mwiko katikati kabisa, chota, gusa. Juu wali ni baridi, ndani bado kuna uvuguvugu. Ule uvuguvugu ndio kitanda cha bakteria.

Sasa tuseme hadi saa sita usiku spora zimeshachipua, na katika kila gramu ya wali kuna bakteria kumi tu. Katika joto hilo anaweza kujigawa mara mbili kila nusu saa. Kumi wanakuwa ishirini, ishirini arobaini. Kufika saa mbili asubuhi wamejigawa mara 16, na wale kumi sasa ni zaidi ya laki sita katika gramu moja. Kuanzia laki moja kwa gramu, chakula tayari kinahesabiwa kuwa cha hatari. Huu ni mfano, sufuria yako inaweza kwenda polepole au haraka zaidi, lakini unaona kwamba saa za mwisho ndizo mbaya. Wali wa saa tano usiku na wali wa saa moja asubuhi si kitu kimoja, ingawa ni sufuria ileile.

Hatua za kufuata

*Hatua ya kwanza: amua mapema.* Wali ukishaiva una njia mbili, ubaki wa moto kweli au upoe haraka. Katikati hapakaliki. Wa moto kweli maana yake ni zaidi ya nyuzi 60. Kama huna kipimajoto, finyanga tonge kutoka katikati: likikushinda kulishika kwa vidole, huenda bado ni wa moto, ingawa vidole havitofautishi nyuzi 50 na 60. Likishikika vizuri, saa imeanza kuhesabu.

*Hatua ya pili: toa wali kwenye sufuria.* Hii ndiyo hatua wengi tunaiacha, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Watu wakimaliza kula, mwaga wali kwenye sinia safi, utandaze usizidi unene wa vidole viwili. Funika kwa kawa au kitambaa chepesi kuzuia nzi, weka penye upepo au mbele ya feni. Kilo nzima iliyotandazwa hivyo inapoa ndani ya saa moja. Ikiwa ndani ya sufuria ingechukua usiku.

*Hatua ya tatu: friji ndani ya saa moja, ikizidi sana mbili.* Tia kwenye vyombo vifupi na vipana, si ndoo. Usivishindilie, acha hewa ipite kati yao. Friji haimuui bakteria, inamlaza tu, kwa hiyo wali uliokaa nje usiku kucha kisha ukaingizwa friji asubuhi haujapona.

*Hatua ya nne: ule ndani ya siku moja.* Pasha mara moja tu, mpaka mvuke utoke katikati na si pembeni peke yake. Nyunyiza maji kidogo, funika, geuza. Ukibaki tena, mwaga.

*Kama huna friji,* naomba nisikufiche: hakuna namna salama ya kulaza wali. Punguza kipimo. Wali wa usiku uishe usiku, na asubuhi pika kingine. Najua uchungu wa kumwaga chakula, mchele haujawahi kuwa rahisi. Mimi sasa kwenye shughuli kinachobaki nakifunga saa ileile na kuwapa majirani wakile kingali cha moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Rukia: Dada, mimi nimekula kiporo cha wali tangu utoto, na watoto wangu pia. Mbona hatujawahi kuumwa?

*Jibu:* Si kila bakteria wa aina hii anatengeneza sumu ya kutapisha, na si kila sufuria inafika kiwango cha kuumiza. Ndiyo maana unaweza kula mara mia ukapona. Tabu ni kwamba huwezi kuitambua ile sufuria moja yenye sumu. Halafu jikumbushe vizuri: hakuna siku mtoto alitapika asubuhi mkasema ni mafua ya tumbo, au amekula embe bichi?

Juma wa Pongwe: Wali ukiharibika si unachacha na kunuka? Kama haunuki shida iko wapi?

*Jibu:* Wali wa nazi huchacha upesi, na harufu ile inatokana na vijidudu wengine. Unatusaidia, maana unajitangaza. Wali mweupe na pilau haviko hivyo. Vinaweza kuonekana vizuri, punje moja moja, na sereulidi haina harufu wala ladha. Pua haitoshi hapa. Tumia saa.

Bi Zuhura: Nina jiko la umeme la wali, linabaki na taa ya kuweka moto usiku kucha. Na hotpoti je?

*Jibu:* Jiko likiwa linashikilia zaidi ya nyuzi 60 wakati wote, bakteria hakui. Jaribio la tonge litakuambia tu kama umeshapoa; kwa uhakika tumia kipimajoto. Hofu yangu ni umeme kukatika usiku wa manane ukarudi alfajiri: ukiamka unaona taa inawaka, kumbe wali ulikaa vuguvugu saa nne. Mkiwa sehemu yenye mgao, usilitegemee. Hotpoti haipashi, inachelewesha tu kupoa. Ni nzuri kutoka jikoni hadi chakula cha mchana, si kutoka usiku hadi asubuhi.

Fundi Seif: Nimeambiwa nikiingiza chakula cha moto friji itakufa.

*Jibu:* Ukiingiza sufuria nzima inayotoa mvuke, utapasha maziwa na samaki waliomo, na friji itafanya kazi kubwa. Kwa hiyo usiingize sufuria. Wali uliopozwa kwenye sinia, ukiwa bado na joto kidogo, hauiumizi friji.

Neema K.: Mtu akishakula, dalili ni zipi, na tufanye nini? Bibi yetu huwa anatoa maziwa.

*Jibu:* Kuna sura mbili. Ile ya sereulidi inakuja upesi, kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula: kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata. Sura ya pili inatoka kwa bakteria wanaotengeneza sumu nyingine ndani ya utumbo. Hiyo huanza kati ya saa 6 na 15, na ni kuharisha zaidi kuliko kutapika. Zote kwa kawaida huisha ndani ya siku moja.

Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyetapika hivi punde mara nyingi atayatapika. Mpe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kijiko baada ya kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole. Dawa za kuua bakteria hazigusi sumu iliyokwisha kuingia.

Usisubiri nyumbani ikiwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee, au ikiwa mtu hashikilii hata maji, hakojoi, kuna damu, amelegea na kusinzia ovyo, au macho yanageuka manjano. Ni nadra sana, lakini sereulidi imewahi kuharibu ini na kuua vijana wenye afya. Ukifika hospitali waeleze alikula nini na saa ngapi.

Mama Rukia: Na tambi je? Na viazi?

*Jibu:* Tambi ni hivyohivyo. Mmoja wa vijana waliofariki Ulaya alikula tambi zilizokaa nje siku kadhaa kisha akazipasha. Viazi vya kuchemsha na vyakula vingine vya wanga navyo vifuate saa zilezile. Leo usiku, Mama Rukia, anza na lile sinia tu.