Kuchagua fonti na saizi za herufi kwenye CV: mfano wa mtunza stoo

Tuchukue CV ya mtunza stoo mwenye uzoefu wa miaka sita. Inaandikwa kwa Word, karatasi ni A4, na itatumwa kwa baruapepe. Yatakayoiharibu mara nyingi ni mawili: herufi ndogo mno, na mpangilio unaovurugika faili likifunguliwa kwenye kompyuta ya mwingine.

Hatua ya 1: Fonti moja tu. Tumia Calibri au Arial. Zote hazina vikia kwenye ncha za herufi, hivyo husomeka vizuri kwenye skrini. Times New Roman si kosa, ila ina herufi nyembamba, na fotokopi hafifu huzififisha. Usiongeze fonti ya pili kwa ajili ya jina. Ukubwa na ukozaji vinatosha kulitofautisha.

Hatua ya 2: Saizi. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, lakini saizi unayochagua haipimi urefu wa herufi ndogo kama "a" na "e". Hizo katika Arial ni ndefu zaidi, ndiyo maana Arial 10 huonekana sawa na Calibri 11. Usiige saizi kutoka CV ya mtu bila kuangalia fonti yake. Kwa Calibri: jina 20, vichwa vya sehemu 13 vilivyokozwa, maelezo 11. Kwa Arial: 18, 12 na 10.

Saizi hizi usizibadilishe mstari kwa mstari. Kwenye Home, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Normal, chagua Modify, weka fonti na 11. Kisha fanya hivyo kwa Heading 1. Hapa wengi husahau: Heading 1 huja na rangi ya bluu na mara nyingi fonti yake yenyewe, kwa hiyo badilisha vyote viwili.

Hatua ya 3: Nafasi. Pambizo sentimita 2 kila upande, nafasi kati ya mistari 1.15. Kichwa cha sehemu kipewe pointi 12 juu yake na 4 chini, ili kionekane ni cha maelezo yanayofuata. Panga maandishi kushoto. Ukiyanyoosha pande zote mbili, mistari mifupi ya majukumu hupata mapengo katikati ya maneno.

Hatua ya 4: Tarehe. "Mtunza Stoo" ikae kushoto na "2019–2025" kulia, mstari mmoja. Usiisukume tarehe kwa kubonyeza nafasi mara ishirini, maana upana wa nafasi hutofautiana kati ya fonti na fonti. Fungua Paragraph, kisha Tabs, andika 17 cm, chagua Right, bofya Set, kisha OK. Ni 17 kwa sababu A4 ina upana wa sentimita 21, na pambizo mbili zimechukua 4. Baada ya hapo bonyeza Tab mara moja tu kabla ya tarehe.

Hatua ya 5: PDF. Hifadhi kwa Save As, aina PDF. Ifungue kwenye Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda Fonts. Ukiona "Embedded Subset" mbele ya jina la fonti, herufi zimo ndani ya faili na hazitabadilika popote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, CV yangu imevuka ukurasa kwa mistari minane. Nishuke hadi 10?*
Hapana, ndugu yangu. Kwa vipimo hivi ukurasa wa Calibri 11 hubeba mistari kama 47. Kwa 10 hubeba kama 51. Utapata minne tu, na msomaji ataumia macho. Punguza majukumu yanayojirudia kwenye kazi za zamani.

*Mwajiri anataka faili la Word, si PDF. Nifanyeje?*
Tumia Arial. Kompyuta nyingi za Linux zisizo nayo huweka Liberation Sans, yenye upana uleule wa herufi, hivyo mistari haihami. Pia nenda File, Options, Save, weka alama kwenye "Embed fonts in the file". Hii ya pili usiitegemee peke yake, kwa sababu si kila programu ya simu huizingatia.

*Dada wa steshenari anasema baruapepe yangu haisomeki vizuri, ina "l" na "1" zikifuatana.*
Yuko sahihi, dada, tena afadhali ameiona mapema. Chapisha mstari huo uutazame kwenye karatasi. Ukibaki na utata, andika CV nzima kwa Tahoma 10. Humo "1" ina kitako chini, na hata "I" kubwa ina vikia, kwa hiyo haifanani na "l".