Kukata aya ndefu ya hadithi iende Watsapu bila kupoa

Wasomaji wangu hapa Mtwara husoma hadithi wakisubiri pantoni au abiria. Wakikuta "Soma zaidi", wengi wanapita. Lakini ukikata ovyo, utamu unakatika pia. Tuchukue aya hii:

Mama Saidi alishuka kwenye pantoni ya mwisho kutoka Msangamkuu, kapu la korosho kichwani, akamtafuta mwanawe pale feri asimwone, akapiga simu ikaita mpaka ikakata, akapiga tena ikapokelewa na mwanamke asiyemjua, akamwambia Saidi yupo hospitali tangu saa saba.

Hatua ya 1. Iandike nzima pembeni, siyo kwenye kisanduku cha ujumbe. Kidole kikiteleza, kipande kimeshakwenda.

Hatua ya 2. Tafuta neno linalopiga. Hapa ni "hospitali", nalo limefunikwa na "tangu saa saba". Lihamishie mwisho, likae peke yake.

Hatua ya 3. Kata pale msomaji anapobaki na swali. "Hakumwona" inafaa kufungia kipande; "kapu la korosho kichwani" haifai, maana hakuna anachokisubiri.

Hatua ya 4. Angalia kiungo, ndipo wengi tunapoharibu. Niliwahi kuanza kila kipande na "Alipiga", "Alisikia", na kila kimoja kikasomeka kama tukio jipya. Ile -li- inasimamisha saa upya. Ipe kipande cha kwanza tu, vinavyofuata vibebwe na -ka-: msomaji akiona "Akapiga" anajua tuko palepale, hata kama katikati mtu ametupia salamu kwenye grupu. Ila -ka- haisemi nani. Kwenye aya yetu, "akamwambia" inaweza kuwa mama au yule mwanamke. Mtendaji akibadilika, mtaje, au acha wazungumze wenyewe.

Inatoka hivi, kila mstari ujumbe wake:

Mama Saidi alishuka kwenye pantoni ya mwisho kutoka Msangamkuu, kapu la korosho kichwani. Akamtafuta mwanawe pale feri. Hakumwona.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikapokelewa na mwanamke asiyemjua.

"Mama, Saidi tumemleta huku tangu saa saba."

"Huku wapi?"

"Hospitali."

Vipande vinafupika kadiri hofu inavyopanda. Ukianza na vifupifupi, utakosa pa kushukia; kapu na pantoni vinahitaji nafasi yao kwanza.

Hatua ya 5. Tuma kimoja kimoja, ukingoja tiki ya kipande kilichotangulia. Mtandao ukiyumba, kisaa kinabaki kando ya ujumbe. Kabla ya "Hospitali" mimi huhesabu mpaka tano. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuuliza "ikawaje?", na maswali yao yanakaa juu ya jibu.

Haya ni ya hadithi tu. Habari ya mgonjwa wa kweli iandike yote kwenye ujumbe mmoja, na jina la wodi humohumo.